Kuvuta Moshi wa Mwenzio

Ukiingia darasa lolote la kupumua siku hizi, iwe ni la yoga au video ya dakika tano kwenye simu, utaambiwa jambo moja: vuta utulivu, toa msongo. Vuta kizuri, toa kibaya. Inaonekana wazi kama kuoga. Nani avute uchafu ndani kwa hiari yake?

Wabudha wa Tibeti wana zoezi linaloenda kinyume kabisa. Unavuta maumivu ya mtu mwingine, unatoa nafuu yako. Wanaliita tonglen: kwa Kitibeti, tong ni kutoa na len ni kupokea. Ukivuta pumzi, unawaza kwamba ugonjwa, hofu au aibu ya mwenzio inamtoka kama moshi mweusi na kuingia kwako. Ukitoa pumzi, unawaza kwamba chochote kizuri ulicho nacho, afya yako, nguvu zako, usingizi mzuri wa jana, kinakutoka kama mwanga na kumfikia yeye.

Nilipokutana na habari hizi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, naandika maelezo ya bidhaa kwa watu wanaolipa kwa idadi ya maneno, na usiku nasoma chochote ambacho si cha kazi. Swali nililobaki nalo ni hili: maumivu hayahami kwa pumzi, na walimu wenyewe wa zoezi hili wanakubali hayahami. Basi mtu anayekaa akivuta ugonjwa wa mwenzake anafanya nini hasa? Anaomba? Anajidanganya? Ama anajifariji ili asilazimike kuinuka?

Ili kujibu, inafaa kwanza kumjua mtu aliyelitoa zoezi hili sirini. Mizizi yake iko India, ambako mtawa Shantideva wa Nalanda, katika karne ya 8, aliandika kuhusu kubadilishana nafasi na mwenzako: kumwona yeye kama wewe, na wewe kama yeye. Karne tatu baadaye, mtawa wa Bengali aitwaye Atisha alipanda meli hadi Sumatra kumtafuta mwalimu wa mafunzo hayo, akakaa huko takribani miaka 12. Mwaka 1042 alifika Tibeti. Huko mafunzo yakapita toka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi kimyakimya, kwa sababu yalihesabiwa kuwa mazito kwa watu wa kawaida.

Aliyevunja ukimya huo ni Chekawa, aliyeishi kati ya 1101 na 1175. Alikuwa amesoma sana tayari. Siku moja alikutana na maandishi mafupi ya mwalimu Langri Tangpa yaliyomtaka mtu akubali kubeba hasara na kumwachia mwenzake ushindi. Wazo hilo halikumtoka kichwani. Akafunga safari kumtafuta mwandishi, akakuta ameshafariki. Akaenda kwa mwalimu mwingine, Sharawa, akamuuliza kama fundisho hilo lina uzito wowote. Jibu alilopata, kwa ufupi, ni kwamba ulipende usilipende, bila hilo hufiki. Chekawa akabaki kwake miaka mingi.

Baadaye alianza kuwafundisha wagonjwa wa ukoma, watu ambao wengine hawakutaka hata kukaribiana nao. Mapokeo yanasema baadhi yao walipona, na fundisho likapewa jina la dawa ya ukoma. Hiyo ya kupona naiacha kama hadithi. Kinachonishika mimi ni kitu kingine. Mtu mwenye ukoma alikuwa amezoea kuwa mpokeaji tu: wa huruma, wa chakula kilichoachwa mbali, wa kinyaa. Chekawa akamwambia: wewe pia unaweza kubeba. Vuta ukoma wa mwingine. Toa ulicho nacho. Yaani mgonjwa akawa mtoaji.

Sasa zoezi lenyewe linafanywaje? Mafundisho ya siku hizi, hasa ya mtawa Mmarekani Pema Chodron, yanalipanga katika hatua nne, na mpangilio wake ni rahisi kufuata. Unakaa, mgongo wima, unaiacha akili itulie kwa muda mfupi tu bila kuwaza chochote. Hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili, unacheza na hali yenyewe kabla ya kumleta mtu: ukivuta, unavuta joto, giza na uzito, ukitoa, unatoa ubaridi, mwanga na wepesi. Unavuta kwa mwili mzima, kama vile kila kitundu cha ngozi ni pua. Unaendelea hadi pumzi na picha ziende pamoja bila kusukumana.

Ya tatu, unamleta mtu mmoja. Mtu kweli, mwenye jina, na shida moja unayoijua. Ya nne, unapanua: kutoka kwake hadi kwa wote walio na shida kama yake saa hiyohiyo. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Na Chekawa alishauri kwamba katika kupokea, uanze na wewe mwenyewe. Vuta kwanza shida yako ya kesho. Kama hata hiyo yako unaikimbia, ya mwenzio utaiweza wapi?

Hapo kwenye joto na ubaridi, Kiswahili kilifika zamani. Mtu akipatwa na jambo tunamwambia pole, na kule Pwani anajibu, nimeshapoa. Maumivu ni moto, na anayeteseka tunamtakia apoe. Tofauti ni kwamba pole yetu inasemwa kutoka upande wa pili wa barabara. Nakuombea upoe, lakini moto ubaki kwako. Wahenga waliliona hilo na hawakulifunika: mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Nikikutazama umejitwika, naona pamba tu. Tonglen ni kujaribu, kwa dakika chache, kuuweka mzigo huo kichwani mwako na kusikia kama kweli ni sufi.

Lakini kuna kipande ambacho wengi wanaosimulia zoezi hili wanakiruka, na bila hicho linageuka sumu. Moshi ukishaingia, unaenda wapi? Katika maelekezo ya kale haubaki kifuani. Unawaza kwamba ndani ya moyo wako kuna donge gumu, jeusi, ambalo ni ule ubinafsi wa kila siku: mimi kwanza, mimi nisiguswe. Moshi wa mwenzio unaligonga donge hilo na kulipasua, na vyote viwili vinaisha, moshi na donge. Mwanga unaotoa nje unatoka pale lilipopasuka. Maumivu yake ndiyo nyundo, na kinachopigwa ni ubinafsi wako.

Hili nililielewa vizuri zaidi nikiwa kwenye benchi la hospitali. Shangazi yangu figo zimekataa kazi. Mara mbili kwa wiki anasafishwa damu, saa nne kila mara. Damu inamtoka kwa mrija mmoja, inapita kwenye chujio, inarudi kwa mrija mwingine. Taka zinavuka kuingia kwenye maji maalum upande wa pili wa chujio, na maji hayo yanamwagwa. Mashine inapokea damu chafu siku nzima, mgonjwa baada ya mgonjwa, lakini haiweki taka yoyote ndani yake. Ingeweka, ingeziba kabla ya saa sita mchana.

Kabla ya kuanza kumfanyia tonglen nilimuuliza swali. "Shangazi, katika haya yote, ni nini kinakuumiza zaidi?" Mtu yeyote anayetazama kitanda kile angesema sindano, maana ni nene na zinaingia mbili.

"Kiu, mwanangu," akasema. "Sindano inauma dakika moja. Kiu naamka nayo, nalala nayo."

Mgonjwa kama yeye hunywa maji kwa kipimo, kwa sababu figo haziyatoi na yakizidi yanajaa mwilini hadi kwenye mapafu. Kuna siku anaruhusiwa kumung'unya kipande cha barafu, na anakimung'unya polepole mno. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tonglen bila kumuuliza mwenye maumivu ingekuwa kumtungia mtu mateso kisha kujipongeza kwa kuyabeba.

Basi nikakaa na kiu. Kwanza yangu mwenyewe: ile ya kutembea kutoka stejini saa saba mchana, ulimi umeshikana na kaakaa. Nikaivuta bila kuharakisha maji. Kisha yake: midomo iliyopasuka, kikombe kidogo chenye alama ya kalamu kuonyesha mwisho wa maji ya siku. Nikivuta, joto kavu hilo linaingia, linagonga lile donge, linaisha. Nikitoa, ninamtumia ule ubaridi wa glasi ya maji ninayokunywa mimi bila hata kuiona. Kisha kijana wa kiti cha pili, na mama wa kiti cha tatu, na wote walio kwenye mashine kama zile mchana ule, popote walipo.

Unajuaje kama linaenda vibaya? Ishara ni za kawaida. Ukiinuka kifua kimebana na kichwa kinauma, kuna uwezekano unavuta kwa nguvu na kutoa kidogo, yaani umegeuka gunia la moshi. Angalia pumzi ya kutoa: inapaswa kuwa ndefu kama ya kuvuta, na iwe na kitu ndani yake. Ukikaa ukiwaza mateso ya dunia nzima na husikii chochote, umeruka hatua. Rudi kwa mtu mmoja. Ukitamani kumwambia mwenyewe kwamba unambebea maumivu yake, donge limepata chakula. Na kama kuna jeraha lako bichi ambalo ukiligusa unazama, usianzie hapo. Anza na jambo dogo, kama uchovu wa mtu kwenye foleni.

Tofauti hii kati ya kubeba na kupitisha imeonekana pia maabarani. Mwanasayansi Tania Singer na wenzake, akiwemo Olga Klimecki na mtawa Matthieu Ricard, walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu watu waliofunzwa kwa awamu. Walipofunzwa kuhisi tu maumivu ya wengine, hisia zao mbaya zilipanda. Walipofunzwa kisha kuyajibu maumivu yaleyale kwa kuwatakia wenyewe mema, hisia hizo zilishuka na nzuri zikaongezeka. Mafunzo yale hayakuwa tonglen, kwa hivyo tusiyapakie zaidi ya uwezo wake. Lakini yanaonyesha kwamba kuhisi na kutakia mema si kitu kimoja, na kwamba la kwanza bila la pili linachosha. Kwa lugha ya zoezi letu, pumzi ya kuvuta peke yake haitoshi.

Sasa turudi kwa lile swali. Je, kiu ya shangazi ilipungua kwa sababu mimi nilivuta pumzi? La. Na Ubudha wenyewe haudai hivyo. Katika mafundisho yake matendo ya mtu na matunda yake ni ya mtu huyo, na hata Budha hawezi kumtoa mwingine mateso kwa mkono kama mtu anayetoa mwiba. Kama ingewezekana, kwa huruma anayosemekana kuwa nayo, kazi ingekuwa imeisha zamani. Machafuko yalipotokea Lhasa mwezi Machi 2008, Dalai Lama alieleza kwamba alikuwa akifanya zoezi hili akiwawaza viongozi wa China: anapokea hasira na shaka zao, anawatumia uvumilivu na huruma. Alikiri pia kwamba zoezi halitatui hali yenyewe ya mambo. Linasaidia akili yake isijae chuki.

Kwa hivyo kama hii ni sala, ni sala ya aina tofauti na tulizokulia nazo. Katika mikesha mingi niliyopelekwa nikiwa mdogo, maumivu yalikuwa mgeni wa kufukuzwa. Toka! Shindwa! Kuna aliye juu anayeombwa afanye kazi. Katika tonglen hakuna anayeombwa, na maumivu hayafukuzwi. Anayefanyiwa kazi ni yule anayesali. Sisemi moja ni bora. Shangazi yangu ni mtu wa mikesha, na imani yake inamshika pale ambapo dawa hazifiki. Ila siku moja, mashine ikiwa bado inazunguka, aliniambia kitu ambacho Chekawa angekitambua mara moja.

"Unajua mimi hapa siombi figo tu," akasema. "Yule kijana hapo ana watoto wadogo. Namwambia Mungu, kama kuna nguvu iliyobaki kwangu, ampe yeye kwanza."

Hajawahi kusikia neno tonglen, na sikumwambia. Alikuwa amelala, mirija miwili mkononi, akitoa.

Hapa ndipo swali linapouma zaidi, kwa sababu katika hali yangu kuna kutoa ambako si kwa pumzi. Mtu anaweza kuishi na figo moja. Kundi langu la damu ni O, sawa na lake, na ndugu wa damu ndio huulizwa kwanza. Basi nikikaa kila Jumanne na Ijumaa nikimtumia mwanga mweupe, huku kiungo anachohitaji kiko ubavuni mwangu, si hiyo ni dhihaka? Rafiki yangu mmoja aliniuliza hivyohivyo, bila kunikwepa macho: "Si umpe tu, badala ya kumpumulia?"

Ni swali la haki, na nimelikalia kwa miezi. Shantideva, kati ya wote, analijibu kwa namna isiyotarajiwa. Anasema mtu huanza kwa kutoa mboga. Akizoea, anaendelea polepole hadi siku ambayo hata mwili wake mwenyewe anauona kama mboga zile. Na pahali pengine anaonya kwamba mwili usitolewe kabla huruma haijasafika. Hakuandika hivyo kumpa mtu kisingizio. Anayetoa kwa pupa ili aonekane, au kwa sababu familia nzima inamtazama, anaweza kutoa kiungo na kubaki na kinyongo maisha yake yote. Kutoa ni kama msuli, na msuli hauanzi na gunia la kilo 90.

Kwa hivyo kipimo ninachokitumia ni rahisi: dakika kumi zikiisha, nafanya nini? Kama naamka nikiwa nimeridhika, nimelipa deni langu kwa hewa, basi rafiki yangu ana haki. Kama naamka na kitu kidogo cha kufanya, zoezi linafanya kazi yake. Siku za mwanzo cha kufanya kilikuwa kukaa saa zote nne bila kutoka nje na simu. Kisha ikawa kutafuta pa kugandisha barafu ndogondogo na kuzileta kwenye chupa ya chai. Hizo ndizo mboga zangu.

Na wiki iliyopita nilienda kuomba tarehe ya kupimwa. Kupimwa si kutoa. Vipimo ni vingi, na chochote kati yake kinaweza kusema hapana, na mimi pia bado ninaweza kusema hapana. Tonglen haikuniambia nitoe figo. Ilichofanya ni kuniondolea uwezo wa kuangalia pembeni. Ukishakaa na kiu ya mtu mara nyingi hivyo, kanda la sufi linaanza kuwa na uzito wake halisi, na uamuzi wowote utakaoufanya, ndiyo au hapana, utaufanya ukiwa umeujua uzito huo.

Husimuliwa kwamba Chekawa alipokuwa akikaribia kufa, aliwataka wanafunzi wake wamsaidie kuomba, kwa sababu mambo hayakuwa yakienda alivyotaka. Maisha yake yote alikuwa ameomba azaliwe tena motoni, miongoni mwa wanaoteseka zaidi, ili awe karibu nao. Badala yake alikuwa anaona dalili za mahali pa raha. Wanafunzi wangetarajia afurahi. Yeye alisikitika.

Unaweza kuicheka hadithi hiyo, au kuiona ni ya watakatifu tu. Mimi huiangalia kama mtu anayeangalia mwisho wa barabara ndefu sana kutoka kituo cha kwanza. Sijui kutamani hivyo. Ninachojua ni kuvuta pumzi moja yenye kiu ndani yake bila kuisukuma, na kisha kutoa nyingine iliyo ndefu vilevile.